Fahamu: Namna ya kuombea fedha utafiti mdogo wa uuguzi

Mkunga anayetaka kuchunguza uvujaji wa damu baada ya kujifungua aanze ombi lake na pengo lililopo: wodini damu hukadiriwa kwa macho, na mara nyingi makadirio huwa chini ya kiasi halisi.

Uhalali ni sentensi moja: utafiti wa E-MOTIVE wa 2023, uliohusisha Kenya na Tanzania, ulionyesha kuwa kupima kwa mfuko wenye alama na kutibu mara moja hupunguza uvujaji mkubwa kwa takriban asilimia 60.

Swali libaki dogo: nini huwazuia wakunga wetu kuutumia mfuko huo? Bajeti ifuate swali hilo.

Faida nayo ipimike, mfano wazazi wangapi hugunduliwa wakifikia mililita 500. “Kuboresha huduma” pekee hakutoshi.