Aya ya 286 Ikitangulia ya 285

Ramadhani inapokaribia, maduka ya Nachingwea na Ruangwa hujaa tende. Nyingine hupimwa kwa kilo, nyingine huja ndani ya maboksi yenye maandishi ya Kiarabu, na mnunuzi anayetaka kujua mwisho wa matumizi yake huelekeza kamera ya simu kwenye boksi akasubiri programu imletee Kiswahili. Kiswahili huja kweli. Ila huenda uzito ukaangukia kwenye mstari wa joto la kuhifadhia, nukta ikakaa mwanzoni mwa sentensi, na tende zikasomeka kuwa ziliisha muda kabla hazijafungwa.

Watu hulaumu tafsiri, na mara nyingi wanaionea. Maneno yenyewe yametafsiriwa vizuri. Kilichovurugika ni mpangilio, na huvurugika mahali tofauti tofauti. Picha haina mwanzo wala mwisho wa sentensi, ni vidoa vya rangi tu. Programu hulazimika kuikata iwe vipande vya mistari, kisha igeuze kila kipande kuwa herufi zilizofuatana kama zinavyosomwa, kisha, baada ya kutafsiri, ilaze maneno mapya juu ya picha ileile. Katika kila hatua lazima iamue kulia ni mwanzo au ni mwisho.

Kwenye ukataji, adui ni nafasi tupu. Lebo ya Kiarabu huweka jina la kitu upande wa kulia na thamani yake upande wa kushoto: kulia "uzito halisi", kushoto gramu 500. Katikati pamebaki peupe, basi programu huona vipande viwili visivyohusiana. Ikivipanga kuanzia kushoto, hutoa thamani zote kwanza, majina yote baadaye. Boksi likishikwa kwa mkono mmoja na picha ikatoka imelala upande, mambo huzidi, kwa sababu thamani ya mstari wa pili huweza kukaa usawa mmoja na jina la mstari wa tatu. Dalili ya kosa hili ni kwamba kila neno ni sahihi na kila namba ni sahihi, ila namba imekwenda kwa mwenyewe asiye wake. Dawa ni kuunyoosha mkono, au kupiga picha ya mstari mmojammoja.

Hatua ya pili ndiyo yenye utamu. Kiarabu husomwa kutoka kulia, lakini namba ndani yake hupangwa kama zetu: mamia kushoto, makumi katikati, mamoja kulia. Jicho la msomaji huenda kushoto, likifika kwenye namba huruka na kuisoma kuelekea kulia, kisha huendelea na safari yake. Mtoto wa madrasa hufanya hivyo bila kufundishwa kanuni yoyote. Programu dhaifu hugeuza mstari mzima kwa mkupuo mmoja, na hapo 250 huwa 052. Tena sifuri ya Kiarabu ni kitone tu: ٥٠٠ ni mia tano, lakini kwenye picha yenye ukungu vile vitone viwili huweza kusomwa kama nukta za mwisho wa sentensi, na ile tano yenye umbo la duara ikachukuliwa kuwa sifuri.

Programu nzuri zimeshapita hapo. Zinakwama kwenye namba zilizoungana. Chukua tangazo la darsa la msikitini lililochapwa kwa kompyuta, linalosema somo ni Surat Al-Baqara, aya 285-286, zile mbili za mwisho. Mchapaji aliandika 285, akaweka kistari, akaandika 286. Kompyuta hupanga mchanganyiko kama huu kwa kanuni za Unicode, kiwango kinachotumiwa duniani kote kwa maandishi ya kompyuta, na maelezo yake yako kwenye kiambatisho namba 9. Humo, herufi ina mwelekeo wake thabiti, tarakimu ina mwelekeo dhaifu, na alama nyingi hazina mwelekeo, hufuata majirani zao. Baada ya herufi za Kiarabu, mkwaju au nukta mbili zikiwa katikati ya tarakimu huzifunga pamoja, lakini kistari hakifungi. Kwa hiyo 285 hukaa kulia na 286 kushoto yake. Kwa msomaji wa Kiarabu huo ndio mpangilio sahihi, kwani anatoka kulia. Programu inayouchukua ule mkusanyiko wote kama namba moja na kuusoma kutoka kushoto hutoa 286-285.

Mwenye kujua kwamba sura hiyo ina aya 286 atacheka na kujisahihishia. Kwenye tarehe hakuna wa kucheka. Tuseme boksi la tende limeandikwa, ukitazama kutoka kushoto, uzalishaji 23/11/25 na mwisho wa matumizi 22/11/27. Kwa mkono wa Kiarabu, siku mara nyingi huandikwa kwanza, yaani kulia, na mwaka huishia kushoto. Mashine ya kiwandani inayopiga mihuri ya tarehe huenda haifuati hilo, ikaanza na siku kutoka kushoto. Mwaka ukifupishwa kuwa tarakimu mbili, hakuna kinachoonekana kwenye tarehe yenyewe cha kuamua. Zisome basi zote mbili kwa pamoja. Siku ikiwa kushoto, tende zilifungwa tarehe 23 Novemba 2025 na zinaisha 22 Novemba 2027, karibu miaka miwili kamili. Mwaka ukiwa kushoto, zilifungwa tarehe 25 Novemba 2023 na ziliisha 27 Novemba 2022. Hilo la pili haliwezekani, basi la kwanza ndilo. Hesabu hii mtu huifanya kwa kidole. Programu inayotafsiri kila mstari peke yake haiulizi kama tarehe mbili zinapatana. Na boksi lenye tarehe moja tu halina mahali pa kulinganishia. Hapo hakuna kamera itakayosaidia.

Kusini mwa Tanzania watu wameandika kutoka kulia tangu zamani, tena kwa Kiswahili. Mwaka 1890 Machemba, kiongozi wa Wayao, alimwandikia kamishna wa Wajerumani, Hermann von Wissmann, barua ya Kiswahili kukataa kujisalimisha, na barua nyingi za Kiswahili za zama hizo ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ukurasa wa namna hiyo ukiwekwa mbele ya simu ya leo huleta tatizo jingine kabisa: programu huziona herufi, huamini kwamba lugha ni Kiarabu, na hutafsiri maneno yasiyokuwepo.

Hatua ya mwisho, ya kulaza tafsiri juu ya picha, huharibu alama za uandishi. Kiswahili kimekuja, lakini kisanduku kinachokibeba bado kimeamriwa kuanza kulia. Herufi za Kiswahili hubaki katika mfuatano wake kwa kuwa mwelekeo wake ni thabiti. Nukta iliyo mwishoni haina mwelekeo, hufuata kisanduku, nacho kinasema mwisho ni kushoto, basi msomaji huona ".Hifadhi mahali pakavu". Mabano nayo yalikuwa yakigeuka vivyo hivyo mpaka toleo la Unicode 6.3 la mwaka 2013 lilipoongeza kanuni ya kuyashughulikia mawili mawili, na programu za kizamani bado huyatupa huku na huku.

Kosa la hatua hii hutambulika kwa urahisi. Nakili tafsiri, uibandike kwenye ujumbe mtupu wa Kiswahili. Nukta ikirudi mwishoni, maandishi yalihifadhiwa sawa na tatizo lilikuwa la kuonyesha tu. Lakini 052 ikibaki 052, kosa lilitokea wakati picha inasomwa, na hakuna kubandika kutakakoirekebisha: piga picha upya, karibu zaidi, namba ikiwa peke yake.