Turufu ya Mwisho

Kesho yake mmoja angehamia Australia kwa bintiye. Jioni ile, kijijini Uingereza, wazee wawili waliketi mkabala, wakiwa upande mmoja kama ada ya wisti. Mwenzangu na mimi tulikuwa wapinzani wao.

Kila mtu alipata karata 13. Karata ya mwisho, ya mgawaji, hufunuliwa: ilikuwa saba ya kopa, basi kopa ikawa turufu. Ukiwa na karata ya aina iliyotangulia, lazima uifuate. Ukikosa, unaweza kula kwa turufu. Mikono 6 ya kwanza haina pointi. Kuanzia wa 7 ndipo unahesabiwa.

Tulikuwa nne kwa nne, na mchezo ni hadi pointi 5. Tukafungana tena: mikono 6 kwa 6. Nikaanzisha wa mwisho kwa rea ya shupaza, nikijiona nimeshinda. Msafiri, jirani yangu wa kushoto, akaweka mbili ya kopa. Karata dhaifu kuliko zote! Kumbe alihesabu kopa zote 12 zilizotoka, mimi nikazembea.

Rafikiye hakusema neno. Katika wisti, kumwashiria mwenzako ni marufuku. Alizikusanya karata, akamtilia mfukoni mwa koti.