Neno "Meidei" Katika Radio

Wandugu wanafunzi, piloti wa safari za kimataifa anayetumia Kingereza katika radio lazima afaulu angalau kiwango cha 4 kati ya 6.

Tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca ilizungushwa zaidi ya saa moja ikielekea Nyuyoki. Piloti msaidizi alisema tu kama mafuta yanaisha. Hakutaja hatari kamili, na wale wa chini hawakumwelewa. Ikaanguka, watu 73 wakafa.

Basi tujizoeze hivi. Kwanza fomula: "meidei" mara tatu, kisha "fyuel" na jina la ndege. Halafu Kingereza chepesi: mafuta yamebaki dakika ngapi, tunaomba nini, kuko watu wangapi ndani. Fomula inaamsha masikio. Maneno mepesi yanaeleza shida.