Namba ya Usajili Kwenye Chupa ya Dawa ya Mitishamba

Tuseme umetumiwa kwa WhatsApp picha ya chupa ya dawa ya kuongeza nguvu. Lebo imeandikwa "Imesajiliwa", ina namba, na pembeni kuna muhuri wa duara wenye herufi TFDA. Tarehe ya kutengenezwa ni 2024.

Vuta picha karibu. Maandishi ya jina la dawa yamekolea vizuri, lakini muhuri umefifia na kingo zake zina vijisanduku. Huo umechukuliwa mtandaoni ukabandikwa. Isitoshe, TFDA ilibadilishwa kuwa TMDA mwaka 2019, hivyo dawa ya 2024 haina sababu ya kubeba nembo hiyo.

Kisha soma namba na maneno yaliyoitangulia. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala husajili waganga, vituo na dawa, na kila kimoja ni usajili wake. Muuzaji anaweza kuandika namba ya kweli kabisa, kumbe ni ya mganga au ya kituo. Dawa yenyewe haijasajiliwa. Ukikuta namba ileile kwenye dawa ya kisukari na ya vidonda vya tumbo, shaka yako ina msingi.

Hata hivyo, picha safi haithibitishi kitu. Lebo nzuri huchapwa na yeyote, na namba halali huibwa. Kabla ya kulipa, liulize Baraza namba hiyo ni ya dawa gani na ya nani.