Kwa Nini Mwalimu wa Michezo Anataka Raba

Muhula unapoanza, wazazi wengi wenye watoto katika Sekondari Msingi nchini Kenya hupata barua fupi kutoka kwa mwalimu wa michezo. Inasema mambo mawili: mtoto atapimwa, tena aje na raba, fulana, na kaptura au suruali ya mazoezi. La pili huzua manung'uniko kwa sababu linagusa mfuko. La kwanza huzua swali la haki kabisa: mtoto aliyejaliwa mbio si atajipatia alama za bure?

Hapati, ikiwa mwalimu anaifanya kazi yake sawasawa. Chini ya mtaala wa umilisi, michezo ni sehemu ya somo la Sanaa Bunifu na Michezo, na kinachopimwa ni ustadi uliofundishwa. Kazi za shuleni za Gredi ya 7 na 8 zina uzito wa asilimia 20 katika matokeo ya mwisho ya Gredi ya 9. Mtihani wa Gredi ya 6 unachangia 20 nyingine, na mtihani wa Gredi ya 9 wenyewe 60. Matokeo hayo ndiyo yanayotazamwa mwanafunzi anapochaguliwa kuingia Sekondari Pevu, ambako mojawapo ya njia tatu ni ya sanaa na sayansi ya michezo.

Chukua mbio za kupokezana vijiti, mita 100 kwa kila mkimbiaji. Eneo la kupokezana lina urefu wa mita 30, na kijiti kikibadilishwa mkono nje yake timu inaondolewa. Mpokeaji hurudi nyuma ya mahali anaposimama, akahesabu nyayo, tuseme 20, akaweka alama chini. Mwenzake akiikanyaga alama hiyo, yeye hutimua mbio bila kugeuka, kisha hunyoosha mkono nyuma, kiganja wazi. Mwenye kijiti akimgonga mgongoni, mpokeaji alichelewa kuondoka, hivyo alama isogezwe nyuma zaidi. Asipomfikia, aliondoka mapema, na alama isogezwe karibu.

Hayo ndiyo mwalimu anayoyaandika: aliondoka wakati gani, mkono ulitulia au uliyumba, kijiti kilipokewa ndani ya eneo, na je, aliweza kurekebisha alama yake baada ya kukosea? Mtoto mwenye kasi anayesimama na kugeuka kukitafuta kijiti huenda akaandikiwa kwamba anakaribia matarajio. Mwenzake mzito wa miguu, aliyepokea akiwa tayari mbioni, ameyafikisha. Mzazi akiona ripoti inayotaja tu nani alishika nafasi ya kwanza na nani ya mwisho, ana kila sababu ya kwenda kumuuliza mwalimu.

Sasa mvishe mpokeaji huyo sketi ya sare inayombana magotini na viatu vya ngozi vyenye soli laini. Mwenzake anakanyaga alama, naye anajirusha mbele, mguu unateleza kwenye nyasi, na anapoteza hatua mbili. Mwalimu anaona kuondoka kwa kuchelewa tu. Ni ustadi uliopungua, au ni kiatu? Hana namna ya kujua, lakini lazima aandike kitu. Hapo ndipo mavazi yanapoingia katika haki ya upimaji, na barua nyingi, kwa bahati mbaya, hazilielezi jambo hili. Huorodhesha nguo na tarehe, basi.

Wapo watakaomtaja Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku. Ni kweli, na mtoto aliyezoea kukimbia hivyo kwenye nyasi safi hana shida kubwa. Ila viwanja vingi vya shule vina changarawe, miiba na vipande vya chupa. Bikila mwenyewe alivaa viatu aliposhinda tena Tokyo mwaka 1964.

Raba hiyo si lazima iwe mpya wala ya jina kubwa. Ya mtumba inafaa. Ikunjwe kwa mkono: nzuri hupinda penye vidole, mbovu hujikunja katikati kama kitambaa. Mtoto akisimama, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Soli iliyolika hadi mistari ikapotea itateleza kama ile ya ngozi. Msichana anayejistiri avae suruali ndefu iliyolegea na hijabu iliyofungwa bila pini, kwani pini huchoma watu wakigongana. Shirikisho la soka duniani, FIFA, liliruhusu rasmi vazi la kichwa mwaka 2014, kwa hiyo shule haina sababu ya kulikataa. Herini, mikufu na saa zibaki nyumbani. Na mwenye pumu aje na pampu yake ya kuvuta dawa, mwalimu akiwa ameshaambiwa kabla ya siku ya upimaji, ili ampangie zamu na mapumziko yanayomfaa.