Cheti kinasema ulisoma, jibu lako liseme umefanya nini

Ujumbe ulimfikia mtoto wa dada yangu saa nne asubuhi, akiwa juu ya ngazi akifunga maboksi ya soketi kwenye nyumba mpya huko Kigamboni. Ulitoka kwa afisa ajira wa kiwanda kimoja cha Dar es Salaam. Alisema namba ameipata chuoni, wanatafuta wanagenzi wa umeme wa viwandani kwa miezi 12, na aliye tayari atume maelezo yake na vyeti kabla ya Ijumaa.

Jioni akaja kwangu na simu mkononi. "Shikamoo mjomba. Nimeshaandika, nitume?" Aliandika hivi: "Nipo tayari bosi, naomba hiyo nafasi, nitajituma sana." Chini yake kulikuwa na picha tatu za vyeti alizopiga kitandani. Moja ilikuwa na kivuli cha mkono wake, nyingine ilikatwa pembeni, na pale palipokatwa ndipo penye namba ya cheti.

Nikamwambia asitume kwanza. Nimesimamia karakana kwa miaka mingi, na majibu ya namna hii huletwa mezani kwangu baada ya afisa ajira kuyachambua, kwa hiyo najua yanavyosomwa. Afisa ajira mara nyingi si fundi. Fundi mkuu humpa mambo matatu au manne anayoyataka, naye huyatafuta katika kila jibu, tena kwenye kioo cha simu. Akisoma "nitajituma sana" hapati hata moja la kuweka alama.

Cheti chenyewe nacho hakimsaidii sana. Chake ni cha VETA, cha ufungaji umeme, NVA ngazi ya pili. Hapo pana jambo linalowachanganya watu wazima kuliko vijana. Katika majaribio ya zamani ya ufundi, daraja la tatu lilikuwa la chini na la kwanza ndilo la juu. Katika NVA hesabu imegeuka: unaanza ngazi ya kwanza na kupanda hadi ya tatu. Fundi mkuu aliyepata daraja lake miaka ya themanini anaweza kuona "ngazi ya tatu" akadhani mwombaji ndiyo kwanza anaanza. Maneno machache ndani ya jibu yanatosha kumwondolea shaka hiyo, na sijaona mwombaji akipoteza kitu kwa kuyaandika.

Baada ya hapo nilimwomba anionyeshe kitabu chake cha fildi. Hakutaka, akisema fildi yenyewe ilikuwa kwenye mashine tu ya kusaga na kukoboa mahindi. Tulipofungua tukakuta, katika wiki ya tano, ameandika kwa kalamu ya bluu kwamba alibadilisha kontakta na kuunga upya stata ya sta-delta ya mota ya kinu, fundi wake akiwa amesimama pembeni. Nikampa karatasi anichoree. Alichora kontakta tatu na taima, akanieleza kwamba mota inaanzishwa kwenye sta ili umeme unaovutwa mwanzoni uwe theluthi moja ya ule ambao ingeuvuta kama ingeanzishwa moja kwa moja kwenye delta. Ikishashika kasi, taima inaihamishia delta. Nikamuuliza: taima ikifa je? Akajibu bila kufikiri kwamba mota itabaki kwenye sta, haitakuwa na nguvu ya kuzungusha kinu chenye mzigo, itanguruma na kupata moto mpaka ovalodi ikate. Alijua hivyo kwa sababu ndivyo ilivyotokea siku ile, na ndiyo sababu waliifungua.

Hicho ndicho kiwanda kinachotafuta, naye alikuwa amekiacha ndani ya daftari. Tukaandika upya. Jibu lilitoka hivi:

"Habari za jioni dada. Asante kwa ujumbe wako wa leo kuhusu uanagenzi wa umeme wa viwandani. Nipo tayari, na naweza kuanza baada ya tarehe 15, nikishamaliza kazi niliyo nayo sasa. Nina cheti cha VETA cha ufungaji umeme, NVA ngazi ya pili, katika mfumo ambao ngazi ya tatu ndiyo ya juu. Katika fildi ya wiki nane kwenye mashine ya kusaga nilibadilisha kontakta na kuunga stata ya sta-delta ya mota ya kinu, nikisimamiwa na fundi, ambaye yuko tayari kupigiwa simu. Sasa hivi nafunga umeme wa majumbani. Sijawahi kufanya kazi kwenye PLC, ningependa kujifunza. Nimeambatisha faili moja la kurasa tano. Naomba kujua kiwanda kiko wapi, posho ni kiasi gani kwa mwezi, na kama wanagenzi wanaandikishwa kwenye mfuko wa fidia wa WCF."

Alitaka kuifuta ile sentensi ya PLC. Nikamkatalia. Anayekuja kama mwanagenzi hategemewi kujua kila kitu, lakini akijifanya anajua anaweza kupelekwa peke yake kwenye paneli yenye umeme. Fundi mkuu akikuta mahali mtu amesema "hapa sijafika", huyaamini zaidi yale mengine. Yule fundi wa kwenye mashine naye tulimpigia kwanza, maana si vizuri kutoa namba ya mtu bila kumwambia.

Vyeti tulivipeleka kesho yake kwa mwenye mashine ya kuskani, vikawekwa kwenye PDF moja: kwanza cheti cha ufundi, halafu hati ya matokeo inayoonyesha masomo, kisha kurasa mbili za kitabu cha fildi zenye saini na muhuri, mwisho cheti cha kidato cha nne. Aliyemaliza karibuni na cheti chake hakijatoka, aweke hati ya matokeo na aseme wazi kwamba cheti anakisubiri. Vyeti halisi havitumwi wala havikabidhiwi mtu, vinaonyeshwa siku ya usaili na kurudi nyumbani na mwenyewe. Na mtu akikudai pesa ya fomu au ya kushikiliwa nafasi, jua huyo si afisa ajira wa kiwanda.

Tukagundua tatizo moja ambalo nimeliona likiwachelewesha wengi. Kwenye cheti cha ufundi jina lake ni Zuena, kwenye kitambulisho cha NIDA ni Zuwena. Herufi moja tu, lakini wanaohakiki vyeti hawaruhusiwi kukisia. Alikwenda kwa wakili, akaapa kiapo cha kuthibitisha kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, nacho kikawa ukurasa wa sita. Ilibidi turudi kwenye jibu tubadilishe idadi ya kurasa.

Aliniuliza pia kama aseme ana leseni, kwa kuwa anafunga umeme wa nyumba. Hana. Nyumba anazofunga ziko chini ya mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, na yeye ndiye anayesaini fomu zinazopelekwa TANESCO. Cheti cha VETA kinathibitisha mafunzo, leseni ni ruhusa nyingine kabisa inayoombwa peke yake. Kuvichanganya kwenye jibu ni kosa linaloonekana mara moja.

Alituma Jumatano usiku. Alhamisi mchana afisa ajira akamjibu: kiwanda kiko Vingunguti, usaili ni Jumatatu saa mbili, aje na vyeti halisi, na fundi mkuu anauliza ile mota ya kinu ilikuwa ya kilowati ngapi.

Akanipigia simu kutoka juu ya ngazi. "Mjomba, ilikuwa 15. Niliiandika ukurasa uleule."