Namba ya Mada Isifungwe kwenye Siku

Ni asubuhi ya siku ya tatu ya mafunzo. Mshiriki ananyoosha mkono: "Mwezeshaji, samahani, tunaomba turudi kwenye ile slaidi ya dalili za hatari." Mwezeshaji anaanza kurudi nyuma slaidi moja moja, ukutani picha zinapita mbio na watu 30 wanasubiri. Mara nyingi maudhui yenyewe hayana tatizo. Ni faili lenye slaidi 160 lisilo na milango.

Tuchukue mafunzo ya siku nne ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, yenye mada 12. Waandaaji wengi huzipa mada namba kwa kufuata siku, hivyo mada ya tatu ya siku ya pili inakuwa 2.3. Kwenye ratiba inapendeza. Lakini siku ya pili ikichelewa kuanza, 2.3 inasukumwa hadi asubuhi ya siku ya tatu, na sasa namba iliyo ukutani inasema siku ya pili wakati washiriki wako siku ya tatu. Ukiibadilisha usiku, haifanani tena na kitini kilichokwisha kuchapwa.

Ndiyo maana mimi nashikilia kwamba mada zihesabiwe mfululizo, 1 mpaka 12, bila kujali siku. Dalili za hatari kwa mtoto mgonjwa ni mada ya 5, iwe inafundishwa Jumanne au Jumatano. Ndani yake, 5.1 ni mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, 5.2 ni anayetapika kila kitu, 5.3 ni degedege. Kama 5.3 inahitaji slaidi tatu, zote tatu zibebe 5.3 kwenye kichwa. Usiipe kila slaidi namba yake ya kuandika kwa mkono, kwa sababu ukichomeka moja katikati itakubidi uandike upya zote zinazofuata, na moja haitakosa kusahaulika. Namba hizohizo ndizo ziwe kwenye ratiba, kwenye kitini na kwenye swali la jaribio.

Kila mada ifunguliwe na slaidi yake. PowerPoint ina muundo wa tayari uitwao Section Header. Uurekebishe mara moja ndani ya View > Slide Master: rangi nzito ya usuli, tofauti na slaidi za kawaida, na namba ya mada kubwa inayosomeka kutoka kiti cha nyuma. Chini yake weka jina la mada, jambo moja ambalo mshiriki ataweza kulifanya mada ikiisha, na ukurasa wa kitini. Siku na saa ziachie ratiba. Slaidi hii ndiyo ibaki ukutani watu wanaporudi kutoka chai, ili anayeingia amechelewa ajue yuko wapi bila kumuuliza jirani.

Upande wa mwandaaji, bofya kulia kabla ya slaidi hiyo, chagua Add Section, kisha ipe sehemu jina la mada. Washiriki hawaioni, ila wewe unaweza kuiburuta mada nzima kwa mkupuo mmoja.

Kuna namba ya pili, ile inayojihesabu yenyewe pembeni, unayoiweka kwa Insert > Slide Number na kubofya Apply to All. Hiyo ni ya mwezeshaji. Wakati wa onyesho, ukiandika 58 kisha Enter, unafika slaidi ya 58 papo hapo. Kwa hiyo andika kwenye karatasi yako namba za slaidi 12 za kufungulia mada. Lile ombi la dalili za hatari litajibiwa kwa sekunde mbili. Namba hizi haziwezi kuanza upya kila sehemu. Zinahesabu faili zima, na hata slaidi iliyofichwa inahesabiwa. Washiriki wakiona 41 halafu 43, watauliza 42 iko wapi. Ukishachapa vitini, usichomeke kitu katikati. Slaidi mpya iende mwishoni kabisa, la sivyo namba zote za mbele zitahama.

Uharibifu mwingi huingia pale slaidi za wawezeshaji watatu zinapounganishwa. Ukibandika kwa Keep Source Formatting, mgeni anakuja na mpangilio wake, na mara nyingi namba ya pembeni inapotea au inahamia kona nyingine. Chagua Use Destination Theme, kisha fungua View > Slide Sorter na upunguze picha mpaka zienee nyingi kwenye kioo. Slaidi za rangi nzito zinapaswa kuwa 12. Zikiwa 11, kuna mada imeungana na jirani yake; zikiwa 13, kuna mwezeshaji amekuja na mlango wake mwenyewe.